Rangi Isikuambie Chumba: Ninavyoweka Lebo Kwenye Kabati la Mtandao

Msomaji mmoja ameniandikia akiuliza anunue kebo za rangi gani. Alipanga bluu iwe ya sebule, kijani ya chumba cha watoto, njano ya ofisi, na rangi zimemwishia kabla vyumba havijaisha. Jibu langu: usipoteze rangi kwa vyumba. Nitalieleza kwa kirefu, kwa sababu majuzi kabati langu limenipa raha ambayo sikuitarajia, na mtaniwia radhi nikijisifu kidogo.

Nilikuwa safarini mpwa wangu aliponipigia simu. "Shikamoo mjomba. Kamera ya nje imezima."

"Marahaba. Fungua kabati, usome karatasi iliyobandikwa mlangoni. Kamera ya nje ni namba ngapi?"

"Kumi na nne."

"Itafute kebo yenye 14. Ina pete ya rangi gani?"

"Njano."

"Ndiyo hiyo. Ichomoe kwenye swichi, hesabu mpaka kumi, irudishe."

Baada ya muda kidogo kamera ikawaka. Mtoto yule hajui ruta ni ipi wala swichi ni ipi, na hakuhitaji kujua. Namba ilimpeleka kwenye kebo, rangi ikamhakikishia kwamba akiichomoa hatazima intaneti ya nyumba nzima.

Sasa niseme la moyoni. Fundi aliyenipitishia nyaya ukutani nilimwomba aziandike namba. Akacheka: "Bosi, hizi utazijua tu." Akaniachia fungu la kebo za bluu zinazofanana kama pacha, akaondoka. Kauli ile bado inanikera, kwa maana kuandika namba wakati wa kupitisha nyaya ni kazi ya sekunde chache: unaandika kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye ganda la kebo, ncha zote mbili. Na usiandike mwishoni peke yake, kwa sababu kipande hicho hukatwa wakati wa kufunga soketi na namba ikaenda nacho. Andika pale mwishoni, kisha urudie nusu mita nyuma yake.

Kwa kuwa kwangu halikufanyika, ilibidi nizitafute moja moja. Kuna kifaa cha kutoa mlio upande mmoja na kuusikiliza upande wa pili, na ukiwa nacho kitumie. Mimi nilitumia laptopu na taa za swichi. Unaichomeka laptopu kwenye soketi ya ukutani, kisha kabatini unazichomeka kebo kwenye swichi moja baada ya nyingine mpaka taa iwake. Kama zote zimeshachomekwa, fanya kinyume: zima na uwashe kadi ya mtandao ya laptopu, na mtu aliyesimama kabatini atazame taa ipi inazimika na kurudi. Kwenye Linuksi ni hivi, ukibadilisha `eth0` kwa jina utakaloliona kwa amri ya `ip link`:

```
sudo ip link set eth0 down
sudo ip link set eth0 up
```

Kuna mtego mmoja. Nyuma ya televisheni watu wengi wana kiswichi kidogo cha kugawa laini. Ukichomoa televisheni, taa ya kabatini haizimiki hata kidogo, kwa sababu inayoonekana kule ni kiswichi, si televisheni. Utadhani umekosea kebo, uanze upya bure. Jaribu kwenye soketi yenyewe ya ukutani, hakuna kitu katikati.

Ukishaijua kebo, ipe namba ya mahali, kamwe si jina la kifaa. Watu hukosea hapa kuliko kwingine kote. Lebo inayosema "televisheni" ni kweli mpaka siku televisheni inapohamia chumba kingine, na kuanzia hapo inakudanganya kwa herufi nzuri kabisa. Soketi haihami. Kwangu tundu la 14 la pachi paneli, yaani ubao wa matundu ambako nyaya za ukutani huishia kabatini, linakwenda kwenye soketi iliyoandikwa 14, na kebo fupi inayotoka hapo kwenda kwenye swichi ina 14 ncha zote mbili. Hata kiwango cha TIA-606, kinachofuatwa kwenye majengo makubwa, kinataka lebo ncha zote mbili. Jina la kifaa linakaa kwenye karatasi ya mlangoni tu, na linaandikwa kwa penseli.

Ndipo tuje kwenye rangi. Kazi yake ni kukuambia nini kitazimika ukichomoa. Nyekundu kwangu ni kebo ya modemu kwenda ruta na ya ruta kwenda swichi: ukiigusa, nyumba nzima inapiga kelele. Njano ni zile zinazobeba umeme pamoja na data, yaani za kamera na vituo vya waifai, kutoka kwenye swichi yenye maandishi PoE. Ukichomoa hiyo, kifaa kinazimika kabisa na kitachukua muda kuamka. Zilizobaki zote ni bluu. Rangi tatu, basi. Ukifika rangi saba, wewe mwenyewe utahitaji karatasi ya kukukumbusha maana yake. Na msitegemee rangi peke yake, jamani, kwani wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani, hasa wanaume. Ndiyo maana sina kijani kabatini.

Wala huhitaji kununua kebo mpya. Pete ya utepe wa rangi karibu na kila ncha inatosha. Mpira unaosinyaa kwa joto unapendeza zaidi, lakini mwembamba haupiti juu ya plagi, kwa hiyo huo ni wa kebo unazofunga plagi mwenyewe.

Lebo zenyewe ndizo huwatoa watu machozi. Kebo ya Kategoria 6 ina unene wa takriban milimita 6, kwa hiyo mzingo wake ni kama milimita 19. Utepe mgumu wa mashine ya lebo ukiuzungusha kwenye kitu chembamba hivyo, ncha yake huinuka yenyewe, na joto la kabati huimalizia gundi. Tafuta lebo yenye sehemu nyeupe ya kuandikia na mkia mrefu wa plastiki angavu: nyeupe inazunguka mara moja, mkia unapita juu yake na kuifunika. Ukikosa, kunja utepe uwe kama bendera, gundi ishike gundi. Hautabanduka, ila kwenye paneli iliyosongamana bendera zitakwaruzana na kuzibana kebo za jirani. Karatasi inayochapwa kwa joto bila wino, kama ile ya risiti, achana nayo kabisa. Kabati la joto litayaharibu maandishi yake.

Iweke lebo sentimita chache nyuma ya plagi, uweze kuisoma bila kuichomoa, na maandishi yakutazame wewe. Fungia mafungu kwa kamba za velcro, zinazofunguka na kufungwa tena, si zile za plastiki za kukata, kwa sababu siku ya kuhamisha kebo moja utakata kamba yote na mkasi unaweza kugusa ganda la kebo.

Ukimaliza, usijiamini. Mwite mtu ambaye hakukusaidia, mpe karatasi, mwambie achomoe namba 9, nawe usimame kwenye soketi 9 na laptopu yako. Waifai iwe imezimwa, la sivyo utaona intaneti inaendelea na kudhani namba imekosewa.