Kabla hujatuma tangazo la uteuzi, zungumza na wanaobadilishiwa bosi

Tangazo la kiongozi mpya wa juu likiingia kwenye barua pepe, wafanyakazi hawalisomi kwa mpangilio ulioandikwa. Wanaangalia jina, wanaruka shahada na vyeo vya zamani, wanatafuta jambo moja: je, bosi wangu amebadilika? Nimefanya kazi ya rasilimali watu muda mrefu, na matangazo ya aina hii nimeyaandika na kuyapitia mengi. Maswali yanapofurika baada ya tangazo, mara nyingi chanzo ni aya ya nani anaripoti kwa nani. Ama haimo, ama imezungukazunguka hadi kila mtu anatoka na tafsiri yake.

Tuchukue hali moja ambayo ndiyo ngumu kuliko zote. Taasisi haijawahi kuwa na mkurugenzi wa uendeshaji. Mameneja wanne, wa ugavi, usafirishaji, huduma kwa wateja na fedha, wote wanaripoti moja kwa moja kwa mkurugenzi mtendaji. Bodi inaanzisha nafasi hiyo na kumteua mtu kutoka nje. Mameneja watatu wanahamia chini yake, wa fedha anabaki alipo. Na meneja wa usafirishaji aliiomba nafasi hiyo hiyo, akafika hadi usaili wa mwisho.

Kwenye karatasi, watatu hao hawajapoteza kitu. Cheo ni kile kile, mshahara ni ule ule. Lakini kati yao na mkurugenzi mtendaji sasa kuna mtu, na wao wanalihesabu hilo kuwa ni kushushwa. Swali lao la kwanza hata halihusu bosi mpya, linahusu kikao cha menejimenti: tutaendelea kuhudhuria au ndiyo basi? Kama mkurugenzi mtendaji hajaamua jibu, tangazo lisubiri. Kumwambia mtu "hilo tutaliangalia baadaye" ni kumwachia ajijibu mwenyewe, na atajijibu vibaya.

Majibu yakishapatikana, kinachofuata ni mpangilio wa kuwaambia watu. Mkataba uwe umesainiwa, na mteule awe ameshamwarifu mwajiri wake wa sasa na kukubali tarehe ya tangazo. Habari hizi hazikai ndani ya jengo moja, na si haki mwajiri wake azisikie kwa watu wa pembeni.

Baada ya hapo anaitwa yule aliyeomba akakosa, jioni ya siku iliyotangulia, peke yake. Aitwe na mkurugenzi mtendaji mwenyewe. Ukimtuma mtu wa rasilimali watu, unamwambia kwamba hakustahili hata dakika kumi za aliyemkosesha. Mazungumzo yawe mafupi na ya wazi: "Nafasi ameipata mwingine. Tulitafuta mtu aliyewahi kusimamia idara zaidi ya moja kwa pamoja, na hapo ndipo ulipopungukiwa. Kuanzia tarehe moja ya mwezi ujao utaripoti kwake. Kesho saa nane wote watajulishwa, sikutaka uisome kama wengine." Basi. Usimwombe afurahi siku hiyo. Na usimwambie zamu yake itafika kama huna nafasi yoyote unayoifikiria, kwa sababu maneno hayo atayatunza na kuja kuyadai.

Asubuhi yake wanaambiwa mameneja wengine wawili, kila mmoja kwa wakati wake, kisha yule wa fedha, ili ajue kwamba kubaki kwake hakukusahauliwa bali kumeamuliwa. Tangazo la wote litoke mchana wa siku hiyo hiyo. Nafasi kati ya mazungumzo ya kwanza na tangazo iwe ya saa, isiwe ya siku. Ikifika siku tatu, uvumi utakuwa umeshaandika tangazo lake.

Sasa barua yenyewe. Kurasa mbili ni nyingi mno, nusu ukurasa inatosha. Sentensi ya kwanza iseme nani, nafasi gani, anaanza lini na anaripoti kwa nani. Mazoea ni kufuatisha wasifu. Mimi naweka mabadiliko ya kuripoti kwanza, kwa sababu ndiyo yanayotafutwa. Kwa mfano huu ningeandika hivi:

"Kuanzia tarehe hiyo, mameneja wa ugavi, usafirishaji na huduma kwa wateja wataripoti kwa Mkurugenzi wa Uendeshaji. Wataendelea kuhudhuria kikao cha menejimenti. Meneja wa fedha ataendelea kuripoti kwangu. Wafanyakazi walio chini ya mameneja hawa hawatabadilishiwa wasimamizi wao. Hadi tarehe hiyo ifike, utaratibu wa sasa unaendelea."

Tazama sentensi mbili za mwisho. Ya kwanza inawatuliza watu wengi zaidi kuliko barua nzima, kwa kuwa walio wengi hawabadilishiwi chochote ila hakuna anayewaambia hivyo. Ya pili inaziba lile pengo la kati ya kutangazwa na kuanza kazi, wiki ambazo meneja hajui ombi la ununuzi alipeleke kwa nani.

Kwenye wasifu, sentensi tatu au nne zijibu swali moja: kwa nini huyu, kwa kazi hii? "Ana uzoefu mkubwa na rekodi nzuri ya uongozi" haijibu kitu, inaweza kuandikwa kwa yeyote. "Amesimamia maghala na madereva kwa miaka sita, na ndiye aliyeongoza zoezi la kuhamisha hesabu za mzigo kutoka kwenye daftari kwenda kwenye kompyuta" inamwonyesha mtu wa ghala kwamba anayekuja anaijua kazi yake. Mteule aisome rasimu kabla haijatoka, maana wasifu wa kwenye maombi ya kazi huwa na mambo asiyotaka yatangazwe. Umri, ndoa na watoto viachwe kabisa.

Kuwa makini pia na vitenzi. Ukiandika kwamba anakuja "kufufua" idara au "kurejesha nidhamu", umewaambia waliokuwepo kwamba wamekufa na hawana nidhamu, na umempokeza mgeni chuki ambayo hakuichuma.

Kuna kazi ndogo ya nyuma ya pazia inayosahaulika sana: mfumo wa kompyuta. Barua inasema bosi ni mwingine, lakini ombi la likizo bado linakwenda kwa wa zamani. Wahusika wa mfumo wapewe orodha mapema, wabadilishe waidhinishaji siku ile ile anapoanza. Na tathmini ya mwaka ikiwa imeshafika katikati, mkurugenzi mtendaji aandike maoni yake kuhusu miezi iliyopita kabla hajawakabidhi watu hao. Bosi mpya hawezi kupima kazi ambayo hakuiona.

Utajua tangazo halijaeleweka kwa kuangalia barua pepe za wiki za mwanzo. Meneja wa ugavi akiendelea kumwandikia mkurugenzi mtendaji moja kwa moja na kumpa mkurugenzi mpya nakala tu, muundo wa zamani bado unaishi. Mara nyingi anayeuweka hai ni mkurugenzi mtendaji mwenyewe, kwa sababu anajibu. Nimewahi kumwomba mmoja wao, kabla ya tangazo, akubali jibu moja atakalolitumia kila mara: "Umeshazungumza na mkurugenzi wako? Mwambie kwanza, kisha aje kwangu akiona inafaa." Alilitumia bila kuchoka, hata kwa mambo ambayo angeyamaliza kwa neno moja, na kabla ya mwezi wa pili kwisha barua hizo zilikuwa zinakwenda panapostahili.