Mume wangu na tendo baada ya kiharusi

"Mume wangu kapata kiharusi miezi 4 iliyopita, upande wa kulia mlegevu, presha imetulia ila tendo hatuwezi, anachoka na mkono unamsumbua. Tufanyeje?"

Dada pole, wangu naye ni huohuo wa kulia, tupo Nkuhungu, Dodoma. Kuna kaka kakujibu msubiri mwaka mzima, hapana, ila aliposema presha itulie kwanza yuko sahihi, akipanda ngazi za ghorofa mbili bila kifua kubana wala kuhema sana mwulizeni daktari muanze. Sisi tulikuwa tunakosea usiku, kachoka na ugali umejaa tumboni, sasa ni asubuhi akishakojoa. Analalia upande wa kulia, bega nalivuta mbele kidogo lisibanwe, mto mgongoni, mkono wa kushoto unabaki huru. Mguse upande mzima, huu mwingine wangu hausikii vizuri. Vumbi la Kongo achaneni nalo, hujui wamechanganya nini, na vidonge vya nguvu za kiume anayeweka dawa ya kifua kubana chini ya ulimi asiviguse kabisa, presha inaporomoka. Wangu bado uume kusimama ni kwa kubahatisha, daktari anahisi dawa ya presha, wanataka kubadilisha, msiache wenyewe tu.