Birika la bibi na vyombo vipya

"Nina birika la shaba la bibi, sahani zake mbili za maua na vyombo vipya vya kioo. Nikivipanga pamoja, rafu inafanana na stoo. Nifanyeje?"

Ndugu, toa vyote, rafu ibaki tupu. Anza na birika, ulisogeze pembeni kidogo ya katikati, maana ndilo zito kwa macho. Kisha litafutie mwenzake mpya wa rangi ileile, mfano fremu ya picha yenye ukingo wa shaba, uiweke upande wa pili. Jicho likiiona shaba mara mbili, linajua umepanga makusudi.

Sahani moja isimame nyuma ya birika, ifunikwe kidogo na mdomo wake. Vitu vikipishana hivyo vinakuwa kundi; vikijipanga mstari mmoja vinakuwa duka. Chombo kimoja kirefu cha kioo kinatosha kando ya fremu, na kati ya makundi acha nafasi ya kiganja au zaidi. Sahani ya pili ipumzike kabatini, utabadilisha baadaye.

Birika usilisugue mpaka ling'ae kama jipya (mimi nililiharibu la kwetu hivyo). Ule weusi kwenye nakshi ndio unaolitenga na vya dukani. Vumbi lifute kwa kitambaa kikavu.

Ukimaliza, piga picha ya rafu kwa simu. Kinachosumbua kitaonekana hapo haraka.