Kaka ana hisa 60, mimi 25, na gawio hakuna: njia ipo, ila ijue kabla hujaenda mahakamani

"Wakuu, mzee alituachia kampuni ya vifaa vya ujenzi. Kaka mkubwa ana hisa 60, mimi 25, dada 15. Toka mzee afariki sijaona gawio hata shilingi, kaka anajilipa mshahara mnono, kanitoa ukurugenzi na sasa anataka kutoa hisa mpya. Sheria inanisaidiaje?"

Mkuu pole sana. Mimi nimepita humo humo, kampuni ya malori ya ukoo, nilikuwa na hisa chache na ba'mdogo ndo ana nyingi, tukafika Mahakama Kuu na mwisho nikanunuliwa hisa zangu nikatoka. Kwa hiyo naongea kitu nilichokiona.

Silaha yako kubwa ni kifungu cha 233 cha Sheria ya Makampuni ya Tanzania ya 2002. Kinasema mwanahisa yeyote anaweza kuomba mahakama iingilie kama mambo ya kampuni yanaendeshwa kwa namna inayomuumiza isivyo haki. Shika hayo maneno mawili pamoja, kuumia NA isivyo haki, sababu wakili wa kaka yako atasimama aseme kura 60 zinaruhusu kumtoa mkurugenzi, na ni kweli zinaruhusu, na gawio sio deni mpaka litangazwe, na hilo nalo ni kweli. Kila kitu kikiangaliwa peke yake kinaonekana halali, ndo maana watu wengi wanakata tamaa mapema.

Ila jaji anaangalia picha nzima. Kifungu chetu kimechotwa karibu chote kwenye sheria ya Waingereza, ndo maana mawakili wanatumia sana kesi zao, na ya kwako inafanana mno na ya Ebrahimi na kampuni ya Westbourne Galleries ya 1972. Ebrahimi na Nazar walikuwa wabia wa kuuza mazulia nusu kwa nusu, wakageuza biashara kuwa kampuni 1958, mtoto wa Nazar akaingia na kila mmoja akamkatia hisa kidogo. Faida yote ilikuwa inatoka kama malipo ya wakurugenzi, gawio halikuwepo. Baadae baba na mwana wakapiga kura wakamtoa Ebrahimi ukurugenzi, na kura zilitosha kabisa kisheria, lakini kutoka siku ile hakuwa na hata senti inayomfikia. Mabwana wa mahakama ya juu kabisa wakasema kampuni ya watu walioungana kwa kuaminiana, wote wakitegemea kushiriki kuiendesha, na hisa haziuziki nje, haiwezi kuhukumiwa kwa hesabu ya kura peke yake, wakaamuru ifungwe.

Sasa hapo ndo ushahidi wako unapotakiwa. Usiende kusema "kaka ana roho mbaya", nenda na vitu vinavyoonyesha makubaliano yalikuwaje enzi za mzee: minuti za vikao, meseji, malipo uliyokuwa unapokea ukiwa mkurugenzi. Halafu hesabu zilizokaguliwa za miaka kadhaa. Kwetu kilichommaliza ba'mdogo ni hesabu alizopeleka benki kuombea mkopo, faida ilikuwa nono, wakati sisi kwenye kikao tuliambiwa kampuni inapumulia mashine.

Kabla ya hayo nenda katafute taarifa rasmi za kampuni BRELA, wakala wa kusajili makampuni, uone jina lako limeandikwa au hisa bado zinasoma jina la marehemu. Kama bado ni za mzee, anayeweza kufungua ombi ni yule ambaye hisa zimehamia kwake kisheria, yaani msimamizi wa mirathi, sio mrithi anayesubiri tu. Na kama msimamizi ni huyohuyo kaka basi una kazi ya mirathi kwanza.

Kuhusu hisa mpya, hapa fanya haraka. Tuseme hisa zote ni 100, kaka akijipa 100 nyingine anakuwa na 160 kati ya 200, yaani asilimia 80, wewe unashuka mpaka 12.5 bila kuuza kitu. Soma katiba ya kampuni uone kama wanahisa wa zamani wanatakiwa wapewe nafasi kwanza. Akitaka kuibadilisha hiyo katiba anahitaji azimio maalum, robo tatu ya kura, na hebu angalia hesabu yenu: 60 na 15 za dada ni 75, robo tatu kamili! Wewe peke yako na 25 huwezi kuzuia. Dada akikataa, kaka hana kitu. Kwa hiyo ongea na dada leo, kabla hajawekewa karatasi mbele asaini. Na chini ya 233 jaji anaweza kutoa amri ya muda, hivyo wakili aombe zuio la hisa mpya pamoja na ombi lenyewe.

Kitu kingine kinachochanganya watu ni mali ya kampuni kuibiwa. Kaka akiuza lori la kampuni pesa akala, aliyeibiwa ni kampuni, sio wewe, na njia yake ni kifungu cha 234 ambapo unaomba kwanza ruhusa ya mahakama ushtaki kwa niaba ya kampuni. Ukishinda pesa zinarudi kwenye kampuni, ambayo bado anaishika yeye. Ndo maana kwa hali yako mimi ningekaa kwenye 233 na lori nalitaja humo kama sehemu ya mwenendo mzima. Kuomba kampuni ifungwe pia ipo ila iweke mwisho kabisa, benki ikisikia tu akaunti zinaanza kusumbua na mnagawana majivu.

Kinachoamriwa mara nyingi ni kaka anunue hisa zako, na vita halisi ni bei. Tuchukue mfano. Kampuni ukitoa madeni ina thamani ya milioni 900, robo yako ni 225. Mtathmini wa kaka atasema hisa chache hazina nguvu ya kura, akate tuseme asilimia 40, ubaki na 135. Wakili wako apambane hapo kwamba hii ni kampuni ya kifamilia ya kuaminiana na wewe sio muuzaji wa hiari umesukumwa nje, na kwa kampuni za aina hii kawaida makato hayo hayakubaliki. Alafu rudisha kilicholiwa: kama meneja wa kuajiriwa angelipwa milioni 4 kwa mwezi na kaka anachukua 12, ziada ni 96 kwa mwaka, miaka mitatu 288, toa kodi ya kampuni asilimia 30 inabaki 201.6. Thamani inapanda mpaka 1,101.6 na robo yako inakuwa milioni 275.4. Ona tofauti na ile 135, yaani zaidi ya mara mbili, kwa hiyo mtathmini mzuri hata akiwa ghali mlipe.

Mwisho barua. Kabla ya kufungua chochote mwandikie kaka kupitia wakili umwombe anunue kwa bei ya mtathmini huru mtakayekubaliana. Akijibu na ofa ya maana, hisa bila makato, mtathmini huru, na wewe uone vitabu sawa na yeye, usiitupe kwa hasira. Toka kesi ya O'Neill na Phillips ya 1999 mtu aliyekataa ofa ya haki anaweza kufukuzwa na ombi lake na gharama juu. Akikaa kimya au akitaja bei ya kichwani kwake, barua hiyo inakuwa kiambatanisho cha kwanza kwenye kiapo chako.