Kabla ya kukokotoa R² kutoka kwenye picha ya jedwali

Wanaonitumia picha za majedwali ya regresheni huwa na swali moja: R² ni ngapi, yaani mstari unaeleza sehemu gani ya tofauti zilizomo kwenye data? Hesabu yenyewe ni mstari mmoja. Kazi kubwa ni kujua namba ipi ni ipi.

Chukua mfano wa picha ya alama za wanafunzi 20 zikilinganishwa na saa walizojisomea. Jumla za miraba zinasomeka hivi: SSR 312.6, SSE 137.4, na ya jumla 450.0. Tatizo ni kwamba baadhi ya vitabu huandika SSR kwa maana ya regresheni, vingine kwa maana ya mabaki, yaani sehemu ambayo mstari haukuieleza. Ukikosea hapo, unapata 0.305 badala ya 0.695, na zote mbili zinaonekana jibu halali. Mimi siamini herufi hizo. Natazama safu ya digrii za uhuru. Kukiwa na kigezo kimoja na watu 20, regresheni ina digrii 1 na mabaki yana 18. Hapa 312.6 iko kwenye safumlalo yenye digrii 1, basi ndiyo ya regresheni:

R² = 312.6 / 450.0 = 0.695

Na ile 3 ya 137.4 ikiwa na ukungu, huenda ni 8? Jumlisha: 312.6 na 137.4 zinatoa 450.0 kamili, ilhali 187.4 ingetoa 500.0. Hata kama mstari wa jumla umekatwa pichani, F, yaani uwiano wa wastani wa miraba ya regresheni kwa ule wa mabaki, inaweza kukuokoa. Gawanya 137.4 kwa 18 upate 7.63, kisha 312.6 kwa hiyo: takriban 40.95. Kama jedwali linaonyesha F hiyo, umesoma sawa.

Sasa maana yake. Alama za wanafunzi hawa zinatofautiana, 450.0 ni jumla ya miraba ya umbali wa kila alama kutoka wastani. Asilimia 69.5 ya tofauti hizo inaelezwa na mstari wa saa za kujisomea, na 30.5 imebaki bila maelezo. Si kwamba mstari umebashiri sawasawa alama za asilimia 69.5 ya wanafunzi (hili nalisikia mno), wala si uthibitisho kwamba saa ndizo zilizoleta alama. Jumla za miraba hazisemi hata mstari unapanda au unashuka. Kipeuo cha pili cha 0.695, yaani ukubwa wa uhusiano wa saa na alama, ni 0.83, lakini alama yake, chanya au hasi, utaipata kwenye mteremko tu, kwa hiyo omba na picha ya jedwali la vigawo.

Mtu akitaka kujua ubashiri unakosea kwa kiasi gani, R² siyo ya kumpa. Mpe kipeuo cha pili cha 7.63, yaani karibu alama 2.8.