Kufuta kikohozi na mlio wa simu kwa kutazama spektrogramu

Simu iliyoharibu rekodi ilikuwa yangu mwenyewe. Nilikuwa Tanga kwa bibi mzaa mama, nikimrekodi akighani utenzi alioufundishwa utotoni, na nilikuwa nimewazimia simu wote waliokaa ukumbini isipokuwa mimi, ambaye yangu ilikuwa imelazwa mkekani kando ya kinasa sauti. Ikalia mara tatu kabla sijaifikia. Baada ya beti kadhaa mjomba, aliyekuwa ameketi karibu na mlango, akakohoa kikohozi kimoja kikavu juu kabisa ya silabi ya mwisho ya ubeti. Kumwomba bibi arudie hakukuwezekana, kwa sababu alikwisha kuchoka na rekodi ilikuwa imefika dakika ya arobaini na moja.

Anayetazama mchoro wa kawaida wa sauti, ule wa mawimbi, huona tu kwamba mahali fulani sauti imepanda, bila kujua kilichopandisha ni nini. Spektrogramu huchanua sauti ileile kwa namna nyingine: muda huenda kushoto kuelekea kulia, masafa hupanda kutoka chini kwenda juu, na mng'ao wa rangi huonyesha nguvu. Katika programu ya Audacity, ambayo ni ya bure na ndiyo niliyoitumia, hufungua menyu ya wimbo husika na kuchagua `Spectrogram`, au `Multi-view` ukitaka kuiona pamoja na mawimbi. Ukishaingia humo, fungua `Spectrogram Settings`, uweke `Scale` kuwa `Linear`, ushushe `Max Frequency` hadi 8000, kisha uhakikishe kwamba `Enable Spectral Selection` imewekewa alama. Bila alama hiyo utaweza kuchagua muda tu, wala hutaweza kuchora kisanduku kinachoshika muda na masafa kwa pamoja, na kazi yote inayofuata ni ya visanduku hivyo.

Sauti ya bibi ilionekana kama ngazi ya mistari iliyolala, wa kwanza ukiwa kwenye hezi 210 hivi na mingine juu yake kwa nafasi zilezile: 420, 630, 840, 1,050 na kuendelea. Mistari hiyo ilitikisika na kupinda kila alipoivuta irabu, kama uzi ulioshikwa na mkono wa mtu mzee. Mlio wa simu nao ulikuwa mistari, mmoja kwenye 1,050, wa pili kwenye 2,100 na wa tatu kwenye 3,150, lakini ilinyooka kama iliyopigwa kwa rula, ikianza ghafla na kukatika ghafla, mara tatu, kila mara kwa sehemu sita za kumi za sekunde. Hiyo ndiyo alama ninayoitegemea kuliko nyingine zote, kwa kuwa koo la binadamu halitoi mstari ulionyooka hivyo hata likijitahidi.

Shida ilikuwa kwamba mstari wa tano wa sauti ya bibi ulipita palepale pa mstari wa kwanza wa simu. Ukubwa wa dirisha, yaani idadi ya sampuli za sauti ambazo programu huzipima kwa pamoja, ulipokuwa 2048, mistari hiyo miwili ilikuwa doa moja nene. Nilipoupandisha `Window size` hadi 4096, kila kipande cha masafa kikawa na upana wa hezi 11 hivi badala ya 22, na mistari ikaachana kila mahali isipokuwa pale ilipokutana kweli. Gharama yake ni kwamba dirisha kubwa hutia ukungu kwenye muda: sampuli 4096 katika rekodi ya sampuli 44,100 kwa sekunde ni karibu milisekunde 93, kwa hiyo mwanzo na mwisho wa kila mlio huonekana umetapakaa. Kwa mlio wa simu hilo halidhuru. Kwa kikohozi linadhuru sana, kama nitakavyoeleza.

Nilichora kisanduku cha kwanza kutoka hezi 1,020 hadi 1,080, nikakivuta upande wa kulia kupita mwisho wa mlio kwa takriban theluthi ya sekunde. Ziada hiyo ni ya mwangwi. Ukumbi wa bibi una kuta za mawe na sakafu ya saruji, na mlio uliendelea kurudi kutoka ukutani baada ya simu yenyewe kunyamaza. Mara ya kwanza niliusahau mwangwi, na matokeo yake yalikuwa kama simu inayolia nyumba ya jirani, jambo linalomvuta msikilizaji zaidi ya mlio wenyewe. Kisha kwenye menyu ya `Effect` nilichagua `Spectral Edit Multi Tool`, ambayo kwa kisanduku chenye mpaka wa juu na wa chini hufanya kazi ya chujio jembamba, likiuma zaidi katikati kuliko pembeni. Kwa sababu hiyo mstari wa 1,050 ulihitaji kupitishwa mara mbili, ilhali ule wa 3,150 uliisha kwa mara moja. Milio mitatu yenye mistari mitatu ni visanduku tisa, na nilivifanya kimoja kimoja, kwa kuwa kisanduku kimoja kirefu kingeuchuja pia ughani uliokuwa safi katikati ya milio.

Pale mistari ilipokutana, sauti ya bibi ilipoteza kipande cha mstari wake wa tano, na nilitarajia kusikia pengo. Sikulisikia. Sikio hujenga sauti kutokana na ngazi nzima, na daraja moja likikosekana kwa nusu sekunde huku mengine yakibaki, mtu haondoki na malalamiko.

Kulikuwa na kitu kingine kilichotangulia mlio kwa sekunde mbili hivi, ule mkoromo wa di-di-di unaojulikana na kila aliyewahi kuweka simu karibu na redio. Ni simu ya GSM inayowasiliana na mnara, ikirusha nguvu zake kwa vipindi vya milisekunde 4.6, nao waya wa maikrofoni huudaka kama sauti ya hezi 217 na mafungu yake. Kwenye spektrogramu ni ngazi iliyobanana na kunyooka, na kwa bahati mbaya daraja lake la kwanza lilikuwa karibu kabisa na sauti ya bibi. Kuchuja huko kungemla bibi mzimamzima. Kilichoniokoa ni kwamba mkoromo uliangukia kwenye mapumziko baina ya beti, na mapumziko yana tiba yake.

Tiba hiyo ni sauti ya chumba. Anayeanza kazi hii hushawishika kuchagua sehemu mbovu na kuinyamazisha kabisa, na mimi nilifanya hivyo miaka ya mwanzo. Lakini ukumbi ule ulikuwa na pangaboi linalozunguka, kunguru nje na watu wanaopumua, na ukivikata vyote kwa ghafla msikilizaji husikia shimo, hata kama hakuwahi kuligundua pangaboi kabla halijatoweka. Nilinakili sekunde mbili za mapumziko ya ubeti uliotangulia, ambamo hakuna aliyesema, nikazibandika juu ya mkoromo na kuunganisha kingo kwa kufifisha milisekunde chache kila upande. Nilichukua za jirani makusudi, maana pangaboi lilibadilika kasi kila umeme ulipopungua, na sauti ya chumba ya dakika ya kumi haikufanana na ya dakika ya arobaini.

Kikohozi ni habari nyingine kabisa. Hakina mistari. Ni hewa inayopasuka, na kwenye spektrogramu husimama kama nguzo kutoka chini hadi juu, ikianza na ukingo mkali upande wa kushoto na kufifia kulia kwa muda wa theluthi hadi nusu ya sekunde. Hapa nilishusha dirisha hadi 512, ambalo ni milisekunde 12 hivi, na ukingo ukajitokeza waziwazi. Kwenye 4096 ningeanza kukata mapema na kuila irabu iliyotangulia. Angalizo ambalo ningependa ningepewa mapema: herufi s na sh nazo ni hewa tupu, nazo husimama kama nguzo, s hasa juu ya hezi 4,000. Niliwahi kuifuta s nzima nikidhani ni mtu anayesafisha koo, na neno "sisi" likawa "ii". Tofauti ni kwamba s ni nyepesi upande wa chini, wakati kikohozi kina uzito hadi kwenye hezi mia chache. Hata hivyo sikiliza kwanza, ndipo ukate.

Kikohozi cha mjomba kilitua kwenye silabi ya mwisho ya mstari wa nne, na hapo nilipata kishawishi. Utenzi una mistari minne kwa ubeti, na kina cha mwisho cha mstari wa nne ni kilekile tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Maana yake ni kwamba silabi niliyoihitaji bibi alikuwa ameitamka makumi ya mara, safi, kwa mahadhi yaleyale, na ningeweza kunakili moja na kuibandika pasipo mtu kujua. Kwa tangazo la redio ningefanya hivyo bila kufikiri. Kwa rekodi ya kuhifadhi utenzi, ambayo mtu anaweza kuja kuisikiliza ili ajue bibi aliimaliziaje irabu katika ubeti ule hasa, nilikataa.

Basi nilikipunguza tu. Juu ya hezi 3,000, ambako irabu haikuwa na nguvu ya kutosha ya kujali, nilichora kisanduku chenye upana wa kikohozi na kutumia `Spectral Edit Shelves` kwa desibeli −18. Kati ya 1,000 na 3,000 nilitumia `Spectral Edit Parametric EQ` kwa −9. Chini ya 1,000, yalimo madaraja manne ya kwanza ya sauti ya bibi, sikugusa kitu. Kilichobaki ni mgoto hafifu, kama mtu aliyesogeza kiti chumba cha pili.

Kabla ya kuhifadhi nina kipimo kimoja nisichokiruka. Ninarudisha nakala ya rekodi ambayo haijaguswa chini ya ile niliyoihariri, zikiwa zimeanza sehemu ileile hasa, nageuza mawimbi ya mojawapo juu chini kwa `Invert`, kisha nazicheza pamoja. Yaliyo sawa hufutana, na kinachosikika ni kile tu nilichokiondoa. Nilipofika dakika ya arobaini na moja nilisikia mlio wa simu, mara tatu, ukiwa peke yake, na ndani yake kimstari chembamba cha bibi kama filimbi. Kwenye kikohozi nilisikia kikohozi pamoja na kivuli cha irabu. Nikaongeza desibeli tatu kwenye kisanduku cha kati, kikawa −6, nikapima tena, na kivuli kikapungua kiasi cha kuvumilika. Kama ningesikia neno linaloeleweka humo ningefuta kazi yote na kuanza upya kwa visanduku vyembamba zaidi.

Faili la asili nimeliacha lilivyo, pamoja na simu yangu ndani yake, na kando yake kuna karatasi yenye dakika na sekunde za kila nilipogusa.