Ripoti ya wathibiti ubora mbele ya kikao cha walimu: namna ninavyoifupisha

Wiki iliyopita mwalimu mkuu mmoja wa shule ya msingi, aliyeteuliwa hivi karibuni, aliniandikia ujumbe baada ya kupokea ripoti ya tathmini ya jumla ya shule yake kutoka kwa wathibiti ubora wa wilaya. Alikuwa anajiandaa kuwaeleza walimu wake nguvu za shule, udhaifu wake na hatua zinazotakiwa, akaniuliza kama inatosha kunakili mapendekezo yaliyoko mwishoni mwa ripoti na kuyasoma kikaoni. Nilimjibu kwamba haitoshi, na kwa kuwa sababu zenyewe hazienei katika ujumbe wa simu, naziandika hapa kwa ajili yake na kwa walimu wakuu wengine ambao ripoti zao bado ziko kwenye bahasha.

Nina kisa na jambo hili. Nilipokuwa mwalimu wa taaluma katika shule ambayo sitaitaja, mkuu wetu wa wakati huo alitusomea ripoti ukurasa kwa ukurasa hadi watu wakaanza kusinzia, na alipofika sehemu ya ufundishaji akaifupisha kwa maneno yake mwenyewe: walimu wa shule hii hawaandai masomo. Ripoti haikusema hivyo. Ilisema kwamba maandalio ya masomo ya madarasa mawili hayakuonekana siku ya tathmini, na mwalimu wa darasa mojawapo alikuwa likizo ya uzazi. Sisi tuliokuwa na maandalio yaliyokaguliwa na kutiwa saini tuliketi kimya tukibebeshwa lawama isiyotuhusu, na kikao kikaisha bila hata hatua moja kuandikwa. Miaka imepita, lakini nikiri kwamba sauti ile bado inanichoma.

Sasa nami ni mwalimu mkuu, na muhula huu wathibiti ubora walirudi shuleni kwetu kwa tathmini ya ufuatiliaji. Waliomba muhtasari wetu wa hatua, wakaupitia mstari kwa mstari huku wakidai ushahidi wa kila mstari, na ushahidi ulikuwepo. Nasema hili kwa kifua mbele, kwa sababu muhtasari ule tuliutengeneza kwa njia ninayoieleza hapa.

Tuanze na ripoti yenyewe. Tangu mfumo wa ukaguzi wa zamani ulipogeuzwa kuwa uthibiti ubora na kiunzi chake kutolewa mwaka 2017, shule hutathminiwa katika maeneo sita: mafanikio ya wanafunzi, ufundishaji na ujifunzaji pamoja na upimaji, utekelezaji wa mtaala, uongozi na utawala, mazingira ya shule na athari zake kwa afya na usalama, na ushiriki wa jamii. Ripoti hufuata maeneo hayo, haifuati nguvu na udhaifu. Mazuri na mabaya yamechanganyika ndani ya kila eneo, mara nyingi ndani ya sentensi moja iliyofungwa kwa “hata hivyo”, wakati mapendekezo yanakaa mbali na yale yaliyoyasababisha. Ndiyo maana anayenakili mapendekezo peke yake huwapelekea walimu maagizo yasiyo na chanzo.

Mimi huisoma ripoti nikiwa na kalamu na kuzikata sentensi. Chukua mfano huu, ambao nimeutunga kwa kufuata aina ya aya tunazozipokea: “Walimu 14 kati ya 17 wana maazimio ya kazi yaliyoidhinishwa, hata hivyo, vipindi 6 kati ya 9 vilivyoangaliwa vilitawaliwa na maelezo ya mwalimu, na madaftari ya Darasa la Tatu yalikuwa na kazi nyingi ambazo hazijasahihishwa. Uongozi wa shule unashauriwa kuimarisha ufuatiliaji wa ndani wa ufundishaji na ujifunzaji.”

Nguvu iliyomo ni maazimio ya kazi, nayo inaandikwa pamoja na idadi yake, yaani walimu 14 kati ya 17. Usiandike “maandalizi ni mazuri”, kwa sababu azimio la kazi si andalio la somo wala si shajara la somo, na mthibiti ubora hakusema lolote kuhusu hivyo viwili. Udhaifu ni mbili, na kila mmoja unapewa mstari wake: vipindi 6 kati ya 9 vilivyoangaliwa, na madaftari ya Darasa la Tatu. Maneno “vilivyoangaliwa” na “Darasa la Tatu” hayaondolewi hata kama nafasi ni finyu. Ukiyaondoa, vipindi tisa vinageuka kuwa shule nzima na darasa moja linageuka kuwa walimu wote, na hapo unarudia yale yale niliyotendewa mimi. Majina ya walimu wenye kasoro nayo hayaingii kwenye muhtasari wa kikao. Mwenye kasoro yake binafsi anaitwa ofisini na kuelezwa kwa utulivu.

Kisha tazama pendekezo linamwelekea nani. Linasema “uongozi wa shule”, wala halisemi walimu. Kwa hiyo mstari wa kwanza wa hatua unakuwa na cheo changu mimi na cha mwalimu wa taaluma, na walimu wanaposikia mkuu wao akijitaja kwanza, hawaanzi kujitetea. Walimu wakuu wenzangu, hapa ndipo wengi wetu tunapoukwepa mzigo: pendekezo lililoandikwa kwa ajili yetu tunalisoma kwa sauti ya kuwaagiza wengine.

“Kuimarisha ufuatiliaji” pia si hatua, maana hakuna anayeweza kuonyesha kwamba amemaliza kuimarisha. Hatua ni jambo ambalo mtu fulani atalifanya, likaacha alama inayoweza kushikwa mkononi, kabla ya tarehe fulani. Kwa mfano huu ningeandika hivi: mwalimu mkuu na mwalimu wa taaluma wataangalia vipindi viwili kila mmoja kwa wiki kwa kutumia fomu ya kuangalia somo, watazungumza na mwalimu husika siku hiyo hiyo, na fomu zilizosainiwa na pande zote mbili zitawekwa kwenye jalada la uthibiti ubora wa ndani hadi mwisho wa muhula. Mthibiti ubora akirudi, atafungua jalada na kuhesabu.

Udhaifu wa pili unahitaji kufikiriwa zaidi, kwa sababu ripoti imeeleza kilichoonekana bila kueleza kwa nini. Kabla ya kuandika “walimu wasahihishe madaftari”, nenda kahesabu wanafunzi. Tuseme Darasa la Tatu lina wanafunzi 118 katika mkondo mmoja, ilhali uwiano wa shule za msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Daftari moja likichukua dakika moja tu, zoezi moja la somo moja ni karibu saa mbili za kusahihisha, na mwalimu huyo ana masomo mengine. Ukimwagiza asahihishe kila kazi, atapitisha kalamu nyekundu bila kusoma, na dalili yake utaiona mwenyewe: vema kwenye majibu yasiyo sahihi, tena ukurasa mzima kwa mwandiko wa haraka ule ule. Hatua inayotekelezeka ni kukubaliana na mwalimu kwamba kila wiki zoezi moja la kila somo litasahihishwa kikamilifu kwa theluthi moja ya darasa kwa zamu, mazoezi mengine yatasahihishwa ubaoni huku wanafunzi wakibadilishana madaftari, na mwalimu wa taaluma atachukua madaftari kumi bila kuchagua kila Ijumaa na kuandika alichokiona. Ama kuligawa darasa kuwa mikondo miwili, hilo linategemea chumba na mwalimu wa ziada, na linaandikwa mahali pengine.

Mahali hapo pengine ni sehemu ninayoitenga chini ya muhtasari kwa mambo yasiyo ya kikao cha walimu. Vyoo ni mfano mzuri. Ripoti ikisema wasichana 312 wana matundu 8, kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20, kwa hiyo yanahitajika 16 na pungufu ni 8. Walimu hawajengi vyoo. Kulijadili jambo hilo nao kwa nusu saa ni kuwachosha na kulipoteza, kwani anayepaswa kulisikia ni kamati ya shule, serikali ya kijiji na halmashauri, kupitia Afisa Elimu Kata. Kinachobaki kwa walimu ni kile kilicho mikononi mwao, yaani zamu ya usafi na maji ya kunawa mikono, kwa mstari mmoja tu.

Kuna kitu kimoja ambacho hakingoji zamu yake katika mpangilio wa maeneo sita, nacho ni usalama wa mtoto. Ripoti ikitaja, hata kwa nusu sentensi ndani ya aya ya nidhamu, kwamba walimu wa zamu wanachapa viboko bila idhini, mstari huo unapanda juu kabisa. Kanuni za mwaka 2002 ziko wazi: adhabu hiyo hutolewa na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, haizidi viboko vinne, na kila tukio linaandikwa katika daftari maalumu. Hapo hatuandiki “kufikia mwisho wa muhula”. Tunaandika tarehe ya leo.

Mwisho, kabla ya kuchapa muhtasari, toa ripoti ya tathmini iliyotangulia na uiweke kando ya hii. Pendekezo lililojitokeza katika zote mbili lipewe alama, kwa sababu ndilo mthibiti ubora atakaloanza nalo akirudi, na mara nyingi lilikwama kwa kuwa safari ile halikuwa na mhusika. Muhtasari wangu hauzidi kurasa mbili. Nguvu zinatangulia, chache, zikiwa na idadi zake. Udhaifu unafuata, kila mmoja ukiwa na namba ya ukurasa wa ripoti pembeni ili anayebisha afungue na kusoma mwenyewe. Halafu hatua, kila moja ikiwa na mhusika, ushahidi na tarehe. Ripoti kamili naiweka mezani, na mwalimu anayetaka kuisoma anaisoma.

Kikaoni natumia muda mwingi kwenye hatua. Naacha nafasi ya mhusika wazi kwa zile ambazo ripoti haikuzielekeza kwa mtu, na walimu wanagawana wenyewe. Mwandishi wa kikao anajaza majina ya wahusika wa hatua kwenye nakala, tunasaini, nakala moja inaingia kwenye jalada na nyingine inakwenda kwa Afisa Elimu Kata pamoja na orodha ya yale ya kamati.